Namna ya kukagua duveti, mto na godoro kwa picha: lebo, mshono na mizani

Duveti ya manyoya inayouzwa na mtu binafsi huko Amerika ya Kaskazini huonekana kwanza kwenye picha, na mnunuzi hutakiwa kuamua kabla hajaigusa. Tangazo husema ni malaika ya bata bukini, picha huonyesha kitu cheupe kilichovimba juu ya kitanda, na bei huwa ya chini kiasi cha kumfanya mtu aogope kuchelewa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzisoma picha hizo. Nimeshona na kufua matandiko kwa miaka mingi, kwanza Mombasa kwa cherehani ya miguu na baadaye Minnesota katika dobi la mashine, na nilichojifunza ni kwamba picha inaweza kulikanusha dai la muuzaji, lakini haiwezi kulithibitisha. Kwa hiyo kazi yetu ni kutafuta mahali ambapo lebo, mshono na uzito vinapingana. Visipopingana, tumebakiwa na dai ambalo halijakanushwa, na hilo tu.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno mawili. Unyoya ni ule wenye uti katikati na nyuzi pande mbili, kama tunaouokota bandani mwa kuku. Malaika ni vile vishada vyororo visivyo na uti, vinavyoota chini ya manyoya kifuani mwa bata na bata bukini, ambavyo nyuzi zake hutawanyika kutoka kwenye kiini kimoja kuelekea pande zote. Kishada cha namna hiyo hushika hewa nyingi kwa uzito mdogo, na ndiyo sababu malaika huuzwa ghali kuliko manyoya. Kuku hana vishada hivyo. Udanganyifu mwingi katika biashara hii ni wa kuuza manyoya kwa jina la malaika, au kuuza poliesta kwa jina la vyote viwili.

Picha za kuomba

Picha za tangazo hazitoshi, kwa kuwa zimepigwa ili kuuza. Mwombe muuzaji picha tano. Ya kwanza iwe ya lebo iliyonyooshwa, pande zote mbili, maandishi yakisomeka. Ya pili iwe ya mahali lebo ilipoingia katika mshono, na kona ya duveti ionekane katika picha hiyo hiyo, maana lebo inaweza kupigwa picha kwenye kitu kingine kabisa. Ya tatu iwe ya ukingo kwa karibu, pande zote nne ikiwezekana. Ya nne ipigwe usiku, taa ikiwa nyuma ya kiboksi kimoja cha duveti, yaani mraba mmoja uliozungukwa na mistari ya mshono. Ya tano iwe ya duveti iliyokunjwa juu ya mizani, tarakimu zikionekana. Muuzaji mwaminifu atalalamika kidogo kisha atazipiga. Akikupa nne za kwanza na kukataa ya mizani, usimhukumu, kwani si kila nyumba ina mizani. Lakini akikataa ya lebo na mshono wake, acha.

Kuisoma lebo

Majimbo mengi ya Marekani yanaitaka bidhaa ya matandiko iliyojazwa kitu ndani iwe na lebo ya sheria iliyoshonewa, inayotaja kilichomo. Kwa kawaida huanza na onyo refu: “UNDER PENALTY OF LAW THIS TAG NOT TO BE REMOVED EXCEPT BY THE CONSUMER”, yaani ni kosa kuiondoa isipokuwa kwa aliyenunua ili atumie mwenyewe. Watu wengi husoma nusu ya kwanza ya sentensi hiyo na kuogopa. Nusu ya pili ndiyo inayotuhusu, kwa sababu inamaanisha kuwa duveti iliyotumika isiyo na lebo haimtii mwenyewe hatiani. Alikuwa na haki ya kuikata ilipokuwa inamwasha shingoni.

Chini ya onyo huandikwa “ALL NEW MATERIAL” ikiwa vijazio vyote ni vipya, au “SECONDHAND MATERIAL” ikiwa vimewahi kutumika. Kwa California, lebo ya vijazio vipya ni nyeupe na ya vilivyotumika ni nyekundu. Kisha hufuata orodha yenye asilimia, na hapo ndipo pa kutulia. Asilimia hizo ni za uzito, si za nafasi, na lazima zijumlike kuwa 100. Neno “DOWN” ni malaika, na “FEATHERS” ni manyoya. “DOWN FIBER” ni nyuzi zilizokatika kutoka kwenye vishada vya malaika, ambazo hazivimbi kama kishada kizima. “CRUSHED FEATHERS” ni manyoya yaliyosagwa kwa mashine ili yafanane na malaika kwa mkono usiozoea, nayo yakishafuliwa mara chache hukaa chini kama unga wa mbao. “POLYESTER FIBER” ni poliesta, hata kama tangazo linatumia maneno matamu ya kusema ni mbadala wa malaika.

Kanuni zinazotumika katika biashara hiyo Marekani zinaruhusu bidhaa kuitwa “DOWN” ikiwa angalau 75% ya kilichomo ni malaika, kinachobaki kikiwa hasa manyoya madogo na nyuzi. Lakini ikiandikwa “100% DOWN”, basi pasiwe na kingine. Ikitajwa aina ya ndege, kama “GOOSE”, angalau 90% inatakiwa itoke kwa ndege huyo. Basi duveti inayotangazwa kuwa ya malaika huku lebo yake ikisema manyoya 95 na malaika 5 haina haja ya uchunguzi zaidi. Lebo imekwisha kusema kweli, na tangazo ndilo limepotoka. Inashangaza jinsi hali hii ilivyo ya kawaida. Muuzaji mara nyingi hakuisoma lebo, ameona neno “DOWN” akaliandika, na alama ya asilimia iliyo kando yake akaipita.

Mtego mwingine ni wa lebo mbili. Karibu na lebo ya sheria huwapo lebo ya kitambaa, inayosema ganda la nje ni la nini na lifuliwe vipi. Ile “100% COTTON” ya lebo hiyo ni ya ganda. Nimewahi kuoneshwa duveti ya poliesta iliyosifiwa kuwa ni ya pamba tupu, na aliyenionesha hakuwa mwongo. Alikuwa amesoma karatasi isiyohusika.

Kuna pia namba ya usajili, baada ya “REG. NO.”: herufi mbili za jimbo, tarakimu, kisha kwenye mabano herufi mbili za nchi, kwa mfano CN kwa China. Namba hiyo ni ya kiwanda kilichoijaza bidhaa, si ya kampuni ambayo jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Herufi za mwanzo zinaonyesha jimbo lililotoa namba, na kiwanda cha ng’ambo kinaweza kusajiliwa katika jimbo lolote linalotoa namba hizo, kwa hiyo PA haimaanishi kwamba duveti ilishonwa Pennsylvania. Ukiona tangazo linasema imetengenezwa Hungary na mabano ya lebo yanasema CN, umepata upinzani wa kwanza. Idara ya jimbo lililotoa namba ndiyo inayotunza daftari la viwanda, na inaweza kuulizwa namba hiyo ni ya nani.

Tahadhari moja kwa wanaonunua mitumba Gikomba, Kongowea au Karume. Lebo ya sheria ni jambo la Amerika ya Kaskazini. Duveti iliyotoka Uingereza au Ujerumani haitakuwa nayo, na kukosekana kwake hakusemi lolote. Ya Uingereza kwa kawaida itakuwa na kipimo cha joto kiitwacho “tog”, ambacho kinaeleza jinsi inavyozuia baridi, si kilichomo ndani. Duveti ya poliesta na ya malaika zinaweza kuwa na tog sawa.

Kuuangalia mshono

Hapa ndipo fundi cherehani anapomzidi mnunuzi wa kawaida, lakini si mambo magumu. Anza na mahali lebo ilipokaa. Kiwandani lebo huwekwa kati ya vitambaa viwili kabla ukingo haujafungwa, hivyo mguu wake huzama ndani ya mshono na uzi unaoishika ni ule ule unaoshika ukingo. Lebo iliyoongezwa baadaye hukaa juu ya ukingo, imeshikwa kwa mshono wake yenyewe, mara nyingi zigizagi au mkono, na uzi wake hauna rangi wala unene wa uzi wa jirani. Angalia pia kama pembeni yake kuna kibutu, yaani kipande kifupi cha lebo ya zamani kilichobaki baada ya kukatwa. Kibutu peke yake si dhambi. Kibutu chenye lebo nyingine mpya kando yake kinahitaji maelezo. Linganisha na weupe: duveti iliyofuliwa miaka mitatu na lebo inayong’aa kama karatasi ya leo havikuzeeka pamoja.

Kisha fuata ukingo wote. Duveti ya malaika hujazwa kupitia mwanya ulioachwa, na mwanya huo hufungwa kwa mashine. Ukitazama vizuri utauona upande mmoja ambapo mshono umerudiwa kidogo mwanzoni na mwishoni. Ukiona mstari wa matundu ya sindano yasiyo na uzi, sambamba na mshono uliopo, jua kwamba ukingo ulifunguliwa na kufungwa tena. Inaweza kuwa ni kwa sababu njema, maana yako madobi yanayofungua duveti, kuosha vijazio na kuongeza vipya. Lakini kuanzia hapo lebo haisemi tena kilichomo leo, hata kama ni ya kweli kabisa kwa siku iliyoshonwa.

Jambo la tatu ni mistari ya katikati, na kwangu hili ndilo lenye faida kuliko yote. Malaika hayawezi kutandikwa kama shuka. Ni lazima yafungwe katika viboksi visivyoyaruhusu kuhama, na kila kiboksi lazima kiwe kilipata njia ya kujazwa. Kwa duveti nzuri, kitambaa cha juu na cha chini huunganishwa kwa vijikuta vya kitambaa vilivyosimama ndani, kwa hiyo juu huonekana mistari iliyonyooka na viboksi vinavimba hadi kwenye mistari yenyewe. Kwa zile za bei ndogo, juu na chini hushonwa pamoja moja kwa moja, na kila mstari huwa kama bonde ambalo halina kitu ndani. Namna zote mbili zinaweza kuwa na malaika. Lakini poliesta huja ikiwa shuka nene iliyoviringishwa, hivyo kiwanda huweza kuishona pamoja na vitambaa viwili kwa mashine ya sindano nyingi, mita hadi mita, kisha kukata vipande vya ukubwa unaotakiwa. Alama ya kazi hiyo ni kwamba mistari, mara nyingi ya mawimbi au maua, hufika ukingoni na kukatwa na ukingo popote ulipoangukia: nusu ya ua huku, robo ya wimbi kule. Nikiona ua lililokatwa namna hiyo na tangazo linalosema malaika, huwa siombi picha ya mizani.

Mwisho, tazama matundu ya sindano kwenye mistari kwa kukuza picha. Kitambaa cha kuzuia malaika hufumwa kwa kubana sana, lakini sindano hutoboa, na vitu hutokea hapo. Nywele fupi nyeupe zilizojikunja zinaweza kuwa malaika. Ncha ngumu ya manjano, kama mswaki mdogo, ni uti wa unyoya. Vijidonge vya nyuzi ndefu zinazong’aa na kushikamana ni poliesta. Duveti isiyotoa chochote haituambii kitu, maana kitambaa kizuri huzuia vyote.

Taa, kisha mizani

Picha ya usiku yenye taa nyuma ya kiboksi huonyesha vivuli. Poliesta ya shuka huonekana kama mwanga uliotandazwa sawasawa. Malaika huonekana kama mawingu, yaani mafungu meusi kidogo yenye nafasi za mwanga katikati, bila mistari. Manyoya huonyesha vijiti. Ukiona vijiti vingi vimelalana kila upande kama vibiriti vilivyomwagika, hiyo ni duveti ya manyoya. Vijiti viwili vitatu ni vya kawaida, hata kwa duveti ya malaika 75%. Ganda la rangi nzito halipitishi mwanga, na picha hii haitakusaidia.

Kuhusu mizani, unahitaji hesabu ya darasa la sita. Duveti ya Marekani ya ukubwa wa “Queen” mara nyingi huwa inchi 90 kwa 90, yaani mita 2.29 kila upande. Uso mmoja ni kama mita za mraba 5.2, na nyuso mbili ni 10.5. Kitambaa cha pamba cha kuzuia malaika huwa na uzito wa gramu 120 hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo ganda tupu ni takriban kilo 1.25. Kinachobaki kwenye mizani ni kijazio. Duveti ya malaika ya ukubwa huo kwa matumizi ya kawaida huwa na kijazio cha kilo moja, pengine pungufu kidogo au zaidi kidogo, kwa sababu malaika hayahitaji uzito ili yajaze nafasi. Manyoya yanahitaji maradufu. Basi, kinyume na vile wengi wanavyodhani dukani wanapoinua na kusema hii ni nzito, hii ni nzuri, kwa malaika uzito mkubwa ni dalili mbaya.

Kesi ya shemeji

Shemeji yangu anayeishi Columbus, Ohio, alinitumia tangazo la duveti ya “Queen”: malaika ya bata bukini 100%, nguvu ya kuvimba 800, imetumika majira mamoja ya baridi, dola 120. Nguvu ya kuvimba ni nafasi, kwa inchi za ujazo, inayojazwa na aunsi moja ya malaika, nayo 800 ni ya daraja la juu. Akaniandikia, “Shemeji, hii nisiiache, ama?” Nikamwambia aombe zile picha tano.

Lebo ilikuwa safi na ya kushawishi. Ilisema “ALL NEW MATERIAL”, “GOOSE DOWN 100%”, na uzito wa kijazio aunsi 35, ambazo ni kama kilo moja. Kwa lebo peke yake ningemwambia anunue. Katika picha ya pili, ambapo kona ilionekana, mambo yakabadilika. Ukingo ulikuwa na paipingi, yaani utepe mwembamba wa ukingoni, ya rangi ya maziwa iliyoshonwa kwa uzi wa rangi hiyo hiyo, lakini lebo ilikuwa imekaa juu ya paipingi, imeshikwa kwa zigizagi la uzi mweupe kabisa. Upana wa vidole vitatu kutoka hapo, kibutu cha lebo nyingine kilikuwa kimezama ndani ya mshono, kimekatwa kwa mkasi usio na makali, nyuzi zimechakaa.

Mizani ilionyesha kilo 3.6. Nikatoa ganda, kilo 1.25, nikabaki na kilo 2.35. Nikajitilia shaka: huenda ganda ni zito kuliko nilivyokadiria. Nikalikadiria gramu 150 kwa mita ya mraba, likawa karibu kilo 1.6, na bado kilibaki kijazio cha kilo 2, mara mbili ya kinachotajwa na lebo. Nikageuza hesabu ili niwe na haki kwa muuzaji, nikasema tuchukulie kweli ni malaika ya nguvu 800 na lebo imekosea uzito tu. Kilo 2 ni kama aunsi 70. Zidisha kwa 800, unapata inchi za ujazo 56,000. Gawanya kwa eneo la inchi 8,100, unapata unene wa inchi karibu 7, sentimita 17 na ushei. Kipimo cha maabara hufanywa ndani ya silinda na kwa malaika yaliyoandaliwa, na ndani ya ganda hayavimbi hivyo, kwa hiyo nikakata nusu. Ilitakiwa basi iwe na unene wa sentimita 9 hivi katikati ya viboksi. Kwenye picha duveti ilikuwa imekunjwa mara mbili, tabaka nne, na rundo lote halikuzidi urefu wa chupa ya nusu lita ya maji iliyokuwa kando yake, sentimita 20 hivi. Hiyo ni sentimita 5 kwa tabaka, na haikuwa imebanwa na kitu.

Picha ya taa ilipokuja usiku ule, tulikuwa tumekwisha kujua tutakachokiona. Vijiti, vingi, kila upande.

Je, muuzaji alikuwa tapeli? Sidhani. Alijibu kwa adabu, alipiga picha zote, na aliposikia kuhusu kibutu alisema aliinunua hivyo kwenye mnada wa vitu vya nyumba. Aliyehamisha lebo kutoka duveti moja kwenda nyingine anaweza kuwa mtu wa tatu au wa nne nyuma yake. Ndiyo maana nashauri uandike “lebo haikushonwa pamoja na ukingo na uzito haulingani nayo”, wala usiandike “unanidanganya”. La kwanza linaonekana kwenye picha, la pili halionekani.

Mito

Mto una mshono mmoja mrefu wa kufungia na ndio wa kuangaliwa, kwa kuwa ni rahisi mno kufungua mto, kutoa kitu, kutia kingine. Sisi wa pwani tunalijua hili kutokana na mito ya sufi: unanunua mto mwororo, na mwaka ukipita unafungua kwa sababu umekuwa na mabonge, unakuta sufi imezunguka kiini cha vitambaa vya fundi. Mito ya manyoya ina namna halali inayofanana na hiyo, ambayo ni mfuko wa ndani wa manyoya uliozungukwa na tabaka la nje la malaika. Si udanganyifu, kwani manyoya hutegemeza kichwa na malaika huzuia uti usichome shavu. Lebo ya mto kama huo hutaja sehemu mbili kando kando, ya ndani na ya nje, kila moja na asilimia zake. Tangazo hunakili ya nje peke yake. Kwa hiyo ukiona picha ya lebo ya mto iliyokatwa chini, omba kilichokatwa.

Mto ukiwa mkononi, kuna jaribio ambalo picha haiwezi. Unyoya au laika moja lililotokea mshononi likishikwa kwa koleo na kuchomwa kwa kiberiti, nje na mbali na matandiko, hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika. Poliesta huyeyuka na kuacha shanga nyeusi ngumu. Jaribio hilo linatenganisha ndege na plastiki tu. Bata na bata bukini hunuka sawa, na kuwatofautisha ni kazi ya hadubini ya maabara.

Magodoro

Kwa godoro swali hubadilika. Hofu si malaika au manyoya, bali ni godoro la zamani lililovishwa kitambaa kipya na kuuzwa kama jipya. Omba picha mbili za lebo, kwa sababu godoro lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani tangu Julai 1, 2007 linatakiwa kuwa na lebo ya pili, ya kanuni ya moto, inayotaja “16 CFR PART 1633” pamoja na mtengenezaji na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Godoro linaloitwa jipya ambalo lebo hiyo haimo, au mwaka wake umepita siku nyingi, halina la kujitetea.

Kisha omba picha ya kona kwa karibu. Juu na ubavu wa godoro huunganishwa kwa utepe unaozunguka wote, na utepe huo huwa na mahali pamoja ambapo mwisho hulalia mwanzo. Tazama kama kitambaa cha juu ni cheupe na ubavu umekuwa wa manjano, na kama chini ya utepe pamechungulia ukingo wa kitambaa kingine. Tabaka mbili za ganda ni godoro ndani ya godoro. Kuhusu kilichomo, lebo ya sheria husomwa kama ile ya duveti: likitangazwa kuwa la mpira wa asili na orodha ikaanza na “POLYURETHANE FOAM” kwa asilimia kubwa, hilo ni godoro la sponji.

Shemeji aliinunua ile duveti hatimaye, kwa dola 30, kama duveti ya manyoya. Aliikata lebo ya zigizagi siku hiyo hiyo ili isimpotoshe atakayeichukua baada yake, na kwenye mfuko wa kuhifadhia akaandika kwa kalamu ya wino mzito: manyoya, kilo 2.